S10 ya zamani au A15 mpya kwa gemu nzito? Yangu inapaa robo saa ya kwanza, halafu inakata pumzi

Kamba_Mbili (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Nina Galaxy S10 ya mtumba wa Dubai, RAM 8, hifadhi 128. Nacheza PUBG Mobile karibu kila jioni, na wikendi nafungua Genshin Impact. Tatizo liko hivi: nikianza, simu inateleza kama mpya. Ikifika robo saa hivi mgongo unakuwa wa kuchoma vidole, skrini inajipunguza mwanga yenyewe, halafu picha inaanza kurukaruka. Adui anatokea upande wa kushoto, nikigeuka namkuta kulia. Na betri ikifika asilimia 25 hivi, inazima bila kuaga. Nikichomeka chaji inawaka na kuonyesha bado 22.

Jamaa wa duka Kariakoo anasema nimpe hii S10, niongeze hela, anipe Galaxy A15 ya boksini. Anasema simu ya miaka hii haiwezi kushindwa na simu ya 2019. Mwingine kaniambia simu ya daraja la juu haizeeki kwenye gemu. Nimsikilize nani? Naongelea gemu nzito tu. Mambo ya kamera na kadhalika siyahitaji.

Jogoo_la_Temeke

Mkuu, mbona hili halina mjadala. A15 ya 4G ina chipu ya Helio G99 iliyotengenezwa kwa nanomita 6. Hiyo yako ni nanomita 8. Namba ikiwa ndogo chipu ni mpya, haina moto, ina nguvu. Betri ya A15 ni 5000, yako 3400, tena hiyo 3400 ilikuwa siku inatoka kiwandani, sasa hivi sijui imebaki nini. A15 imetoka mwishoni mwa 2023, ina apdeti za miaka. S10 yako iliishia Android 12. Chukua boksi, tupa jiwe.

Mzizi_wa_Chuma

Jogoo, kwenye betri na apdeti uko sawa kabisa. Kwenye nanomita umekamata nusu ya habari. Namba hiyo inakueleza chipu inakula umeme kiasi gani kwa kazi ileile. Haikuelezi imewekewa vitu gani ndani, na G99 ilitengenezwa iwe ya bei nafuu, kwa hiyo imewekewa vichache.

Viini vikubwa vya Helio G99 ni Cortex-A76, viwili, pamoja na vidogo sita. Snapdragon 855, ambayo imo kwenye S10 za soko la Marekani, inatumia A76 hizohizo, ila zipo nne na zinakwenda kasi zaidi. Yaani kwa upande huo simu "mpya" imebeba muundo uleule wa kabla ya S10 kutoka, na umepunguzwa nusu.

Sasa kwenye gemu kinachoumia kwanza ni chipu ya picha. G99 ina Mali-G57 yenye viini viwili. S10 ya Exynos ina Mali-G76 yenye viini kumi na viwili. Kiini kimoja cha G57 ni cha kisasa zaidi na kinakimbia haraka, hilo nakubali, lakini viwili haviwezi kufanya kazi ya kumi na viwili. Halafu njia ya kupitishia data kutoka kwenye RAM kwenda kwenye chipu: ya 855 ni pana mara mbili ya ile ya G99. Genshin inapochora mji mzima na maji na vivuli, hapo ndipo upana unahitajika.

Kwa hiyo robo saa ya kwanza unayoiona, hiyo ndiyo S10 halisi, na A15 haiifikii hata ikiwa ya boksini. Swali lako ni kwa nini robo saa ya pili inakuwa simu nyingine.

Tuambie kwanza, namba ya modeli ni ipi? Ingia Settings, About phone. Kama inaishia na F ni Exynos 9820. Kama inaishia na U ni ya Marekani, Snapdragon.

Mpira_wa_Kona

Mimi pia naomba msaada hapahapa. Nacheza eFootball, simu yangu mpya kabisa, lakini mechi za mtandaoni mchezaji anachelewa kupiga pasi, nabonyeza shuti mpira unatoka baadaye. Nikibadilisha nikachukua S10 itaisha?

Mzizi_wa_Chuma

Mpira_wa_Kona, ukicheza dhidi ya kompyuta bila mtandao, inachelewa? Kama haichelewi, huo ni mtandao wako, simu haihusiki. Picha inakuwa laini ila amri inafika kwa kuchelewa. Ya Kamba_Mbili ni kinyume: picha yenyewe inakatika hata akiwa kwenye uwanja wa mazoezi. Usinunue simu kwa ajili ya ugonjwa wa bando.

Mpira_wa_Kona

Bila mtandao iko freshi kabisa. Asante mkuu, nabaki nayo.

Fundi_Kitumbo

Naona watu wanaongea chipu tu. Mimi nafungua simu kila siku. Kamba, dalili zako ni mbili, na kila moja ina chanzo chake.

Kuzima kwenye 25 hiyo ni betri. Betri ikizeeka haipungui ujazo tu, inakuwa na ukinzani zaidi ndani. Tuseme gemu inavuta ampea 2 kwa mkupuo, pale mabomu yanapolipuka na kila kitu kinachorwa kwa pamoja. Betri nzima yenye ukinzani wa 0.1 inapoteza volti 0.2 hapo. Ilikuwa imekaa kwenye 3.7, inashuka 3.5, simu inaendelea. Betri iliyochoka, ukinzani umefika 0.25, inapoteza nusu volti. 3.7 inakuwa 3.2 kwa ghafla, simu inaona umeme umeisha, inajizima. Ukiiacha ipumzike volti inarudi juu, ndiyo maana ikiwaka inakuonyesha 22. Chaji ipo, ila haiwezi kutoka haraka.

Na huo umeme unaopotea hauendi mbinguni. Unakuwa joto, ndani ya betri, mgongoni pa simu. Kwa hiyo betri mbovu inasaidia kuichemsha simu.

Dalili ya pili, kuchemka mapema. Juu ya chipu kuna pesti ya kupitisha joto kwenda kwenye fremu. Simu ikishafunguliwa mara kadhaa kule ilikotoka, unakuta pesti imekauka, imepasuka kama udongo wa kiangazi, au fundi aliyepita ameifuta na hakurudisha. Joto linakaa pale pale. Chipu ikiona joto limezidi inajipunguza mwendo ili isiungue. Huko kurukaruka kwa picha ni simu inajilinda.

Njoo na vipimo, tusikisie.

Tufaha_Moja

Nyie mnahangaika. iPhone 11, 2019 ileile, inacheza PUBG mpaka leo na iOS 26 imepata. Kwenye Battery Health unaona kila kitu. Basi.

Fundi_Kitumbo

Tufaha, iPhone 11 ni nzuri, sipingi. Ila usisahau Desemba 2017 Apple walikiri kuwa simu zenye betri iliyochoka walikuwa wanazipunguza mwendo ili zisizime ghafla. Ndiyo ugonjwa huuhuu, dawa tofauti. iPhone ya mtumba yenye betri iliyochoka nayo inaweza kushuka mwendo. Na betri za kubandika bandika mnazobadilishiwa mitaani, hiyo Battery Health inakuandikia kuwa haiwezi kuthibitisha ni halisi. Hela ya Kamba kwa iPhone 11 atapata ya namna hiyo.

Otis254

Niaje wakuu, niko Nairobi. Mimi nilikuwa na swali la alama za AnTuTu na Geekbench. Nimecheki, S10 inaipita simu ya G99. Si hapo tu inaisha? Alama ziko wazi.

Mzizi_wa_Chuma

Otis, alama zinapimwa kwa dakika chache, simu ikiwa baridi. Mtu anacheza saa nzima. Halafu kwa Samsung kuna jambo jingine. Machi 2022 iligundulika kuwa programu yao ya Game Optimizing Service inazipunguza gemu mwendo, lakini programu za kupima alama haizigusi. Geekbench waliziondoa S10, S20, S21 na S22 kwenye orodha yao kwa sababu hiyo. Samsung wakatoa apdeti inayomruhusu mwenye simu kulegeza. Kwa hiyo alama ya Geekbench ya S10 haikuambii PUBG itapata nini. Inakuambia tu simu ingeweza nini kama ingeachiwa.

Kamba_Mbili

Modeli ni SM-G973F. Kumbe Exynos. Jamaa aliyeniuzia alisema Snapdragon, haya.

Vipimo napataje? Nina laptopu.

Mzizi_wa_Chuma

Washa Developer options, washa USB debugging, pakua platform-tools kwenye laptopu. Usipime ukiwa umechomeka waya, kwa sababu USB inachaji na inakuharibia volti. Chomeka mara moja, andika amri ya kwanza, chomoa, kisha endelea kwa Wi-Fi. Badala ya IP_YA_SIMU weka anwani unayoiona kwenye mipangilio ya Wi-Fi:

```
adb tcpip 5555
adb connect IP_YA_SIMU:5555
adb shell dumpsys battery
```

Soma kabla ya kucheza, halafu soma tena gemu ikiwa inaendelea baada ya nusu saa. Angalia `level`, `voltage` na `temperature`. Joto limeandikwa bila nukta, 385 maana yake nyuzi 38.5. Chini zaidi tafuta `mSavedBatteryAsoc`, hiyo ni asilimia ya ujazo uliobaki kwa hesabu ya Samsung, na `mSavedBatteryUsage`, ambayo ukigawa kwa 100 unapata takriban mizunguko ya chaji.

Asiye na kompyuta, kwenye Samsung apige *#0228#, ataona volti na joto la betri.

Kamba_Mbili

Nimepima leo, feni ya ukutani imezimwa, mwanga wa skrini nusu, uwanja wa mazoezi wa PUBG, Smooth na Extreme. Nusu saa ikiisha:

```
level: 34
voltage: 3389
temperature: 437
mSavedBatteryUsage: 112400
mSavedBatteryAsoc: 71
```

Kabla ya kuanza joto lilikuwa 312. Hii ni mbaya?

Fundi_Kitumbo

Mbaya. Mizunguko elfu moja na zaidi, ujazo 71. Na volti 3389 wakati bado una asilimia 34 ni ileile niliyokueleza, betri inazama ikibebeshwa mzigo. Nyuzi 43.7 kwenye betri maana yake chipu yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Simu lazima ijipunguze.

Hii simu haijashindwa na gemu. Imeshindwa na betri na pesti. Leta tufungue, au mpelekee fundi unayemwamini.

Jogoo_la_Temeke

Sasa hapo si mnathibitisha nilichosema? Simu mbovu. Aweke betri, aweke pesti, kesho skrini inapata mstari wa kijani, kesho kutwa tundu la chaji. A15 anaitoa boksini anacheza.

Binti_Lindi

Naomba niongee kama mtumiaji, maana wote hapa mnaongelea G99 na hamna aliye nayo. Mimi ninayo, si A15 lakini chipu ni hiyohiyo.

Genshin nacheza kwenye Lowest, fremu 30. Nikipanda Medium inakuwa maonyesho ya slaidi, hasa nikiingia mjini au bosi akianza kurusha vitu. PUBG nakaa Smooth. Picha si nzuri, nyasi kama zimekatwa na mkasi. Lakini saa nzima ninayocheza iko vilevile. Dakika ya tano na dakika ya sitini hakuna tofauti, na simu inakuwa vuguvugu tu. Betri inanitosha hadi usiku. Kabla yake nilikuwa na simu ya daraja la juu iliyochoka, nilikuwa nacheza huku nimeiweka juu ya bakuli lenye maji ya baridi. Sirudi huko.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi ina nguvu, ya zamani. Ukiniuliza ipi haikuangushi kwenye zoni ya mwisho, inategemea hiyo ya zamani ina hali gani.

Mzizi_wa_Chuma

Dada Lindi kaweka kidole panapouma. G99 haina nguvu nyingi, kwa hiyo haina joto jingi la kuondoa, na mwili wa plastiki wenye betri kubwa unatosha. Simu ya daraja la juu ina nguvu kuliko mwili wake unavyoweza kupoza kwa muda mrefu, hata ikiwa mpya. Ikiwa mpya inashuka kidogo halafu inatulia. Ikiwa na pesti iliyokufa inashuka hadi chini ya G99. Hapo ndipo mwenye duka anakuwa mkweli bila kujua sababu.

Kwa hiyo anayetaka kulinganisha asiangalie dakika tano dukani. Simu mbili, chumba kimoja, mwanga sawa, bila chaji, mipangilio ileile ya gemu, nusu saa. Kisha angalia dakika tano za mwisho tu.

Na kitu kingine watu hawakiangalii, idadi ya vitone vya skrini. Simu nyingi za bei nafuu zina skrini ya 720. S10 inakuja ikiwa 1080, na inaweza kupandishwa hadi 1440. Ukilinganisha 720 na 1080, ile ya kwanza inachora chini ya nusu ya vitone. Unaona fremu zinalingana unadhani chipu zinalingana, kumbe moja inabeba mzigo mara mbili. Kamba, ukiwa kwenye Settings, Display, Screen resolution, weka HD+. Baadhi ya gemu zinafuata, nyingine zinajipangia zenyewe, lakini ni bure, jaribu.

Otis254

Hiyo ya resolution nimejaribu kwa S10 yangu sasa hivi. COD Mobile sioni tofauti. Genshin naona picha imekuwa na ukungu kiasi na mkono haushiki moto haraka.

Mzizi_wa_Chuma

COD Mobile sina jibu la uhakika. Genshin ina Render Resolution yake ndani ya mipangilio ya gemu, ishushe hapo badala ya kwenye simu, maandishi ya simu yatabaki makali.

Kamba_Mbili

Wakuu nimerudi. Nilimpelekea fundi, nikakaa palepale nikiangalia. Alipasha kioo cha nyuma moto, akakitoa kwa kadi za plastiki. Betri ilikuwa imeanza kunenepa kidogo katikati, ukiilaza mezani inazunguka kama pia. Alipotoa kinga ya bati juu ya chipu, pesti ilikuwa imekuwa unga wa kijivu, nusu haipo. Akasafisha kwa spiriti, akaweka mpya, akaweka betri.

Nimepima vilevile, chumba kile, PUBG ileile, nusu saa:

```
level: 41
voltage: 3702
temperature: 394
mSavedBatteryAsoc: 71
```

Haijazima tena. Picha imeanza kuguna kidogo kuelekea mwisho, ila inachezeka, na nimebaki kwenye Extreme. Genshin ya Medium bado inachemsha, nikaifunga kwenye fremu 30 ikatulia. Swali: mbona Asoc bado 71 na nimeweka betri mpya? Nimepigwa?

Fundi_Kitumbo

Hujapigwa kwa ushahidi huo. Namba hizo zimehifadhiwa kwenye simu, hazimo kwenye betri. Fundi wa mtaani akibadilisha zinabaki za zamani mpaka zifutwe kwa vifaa vya kituo cha huduma. Ndiyo maana hata mtu anayenunua mtumba asizitegemee peke yake. Wewe angalia volti chini ya mzigo. 3702 kwenye 41 ni betri hai.

Ila hakikisha kilichowekwa. Betri ya S10 imeandikwa EB-BG973ABU, ujazo 3400. Ukiona imebandikwa 4500 au 5000 kwa umbo lilelile, hiyo ni karatasi tu inaongea. Betri ya hivyo miezi michache inakurudisha ulikotoka.

Kamba_Mbili

Imeandikwa hivyo hivyo, 3400.

Jogoo_la_Temeke

Haya, nimeona vipimo, kwenye nguvu nimenyamaza. Lakini naomba mniambie haya. Kwanza, S10 ilikuwa haiingii maji. Ikishapashwa moto na kufunguliwa mgongo, ile gundi imekufa, mvua ya masika ikimkuta? Pili, apdeti za usalama hakuna tena, na mtu ana pesa kwenye simu. A15 waliahidi matoleo manne ya Android na miaka mitano ya usalama. Tatu, Exynos ileile, moto uleule, mwakani tunarudi hapa.

Fundi_Kitumbo

La maji ni kweli. Hata nikibandika gundi mpya siwezi kukuapia IP68. Iweke mbali na maji, basi.

Mzizi_wa_Chuma

La apdeti pia ni kweli, na mimi nisingeweka hela nyingi kwenye S10 leo. Ningecheza nayo na pesa ningeziweka kwenye simu nyingine. Ila mtu mwenye simu moja tu hawezi kunisikiliza hapo, naelewa.

La tatu sikubaliani. Exynos 9820 ina moto kuliko 855, sawa. Lakini alichokuwa nacho Kamba hakikuwa moto wa Exynos, ni nyuzi nne za pesti na betri. Tumeona namba.

Binti_Lindi

Mzizi, nyuzi nne hizo ni kwa mara moja, na jioni mbili tofauti. Ungejua kama siku ya kwanza chumba kilikuwa na joto zaidi?

Mzizi_wa_Chuma

Haki yako. Kamba, kabla ya kuanza mara ya pili joto lilikuwa ngapi?

Kamba_Mbili

Sikuandika. Nakumbuka ilikuwa imenyesha mchana.

Binti_Lindi

Ndiyo hapo.

Fundi_Kitumbo

Joto mnaweza kubishania, mvua inaweza kuwa imesaidia. Volti hambishi. Kutoka 3389 kwenye 34 hadi 3702 kwenye 41, tofauti ya asilimia saba ya chaji haileti pengo hilo. Hiyo ni betri.

Tufaha_Moja

Na mimi nasisitiza iPhone 11.

Jogoo_la_Temeke

Tufaha pumzika kaka.

Mwana_wa_Bandari

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Kwa mwenye hela ya kuongeza kidogo, mbona hamgusi Poco X6 Pro? Ile ina Dimensity 8300, inazipita zote mbili bila jasho.

Mzizi_wa_Chuma

Inazipita, hata S10 ikiwa mpya. Lakini hiyo si bajeti ya A15. Ubishi wa uzi huu ni kwa yule ambaye hela yake inaishia kwenye G99, au ana simu ya zamani tayari mkononi. Ukipanda daraja hilo, simu ya 2019 haina hoja tena kwenye gemu.

Na anayenunua ya bei nafuu ahakikishe jairoskopu. Kuna simu nyingi za bei hiyo hazina halisi, wanaiga kwa vitambuzi vingine. Ingia PUBG, washa Gyroscope, geuza simu polepole sana. Kama nembo ya shabaha inaruka kwa hatua badala ya kuteleza, hutalenga kwa mkono nayo.

Otis254

Nimalizie na hili. Kuna duka hapa linauza S10 ya SM-G973U kwa bei ya chini ya F. Ni Snapdragon, si ndiyo? Kuna ubaya?

Fundi_Kitumbo

Ndiyo, Snapdragon 855. Ubaya wake, nyingi zilikuwa zimefungwa kwenye mtandao wa simu wa Marekani. Usikubali kuonyeshwa ikiwa na Wi-Fi tu. Weka laini yako, piga simu, washa data, kisha izime na kuiwasha, upige tena. Halafu mwambie muuzaji akuachie nusu saa ucheze hapo dukani. Akikataa, umeshapata jibu la betri.

Otis254

Ameniambia dakika kumi. Naenda kesho na *#0228# yangu.